Goti Lisilouma Si Goti Lililopona

Katikati ya goti, ndani kabisa, mna ukano mfupi uliokaa mshazari baina ya mfupa wa paja na muundi. Kazi yake ni kuuzuia muundi usiteleze mbele, wala usizunguke kupita kiasi. Mcheza mpira akigeuka ghafula, na mguu umekwama chini, ukano huo waweza kukatika. Mara nyingi haujiungi tena sawasawa. Basi kwa mtu anayetaka kurudi mchezoni, daktari huchukua ukano mwingine, labda wa nyuma ya paja, akaupitisha katika matundu aliyoyatoboa mifupani.

Mmoja wa vijana wetu hapa Yanonge alitengenezwa goti namna hiyo katika mji wa mbali. Alirudi na karatasi ya mazoezi iliyoandikwa Kifaransa, akatuomba tumsomee na kumsimamia. Hivyo tulijifunza pamoja naye.

Majuma ya kwanza hayakuwa na fumbo. Kisigino kiliwekwa juu ya nguo iliyoviringishwa, na chini ya goti pasiwekwe kitu, ili mguu unyoke kabisa kama mwenzake. Goti lisiponyoka mapema, kovu huweza kuota ndani na kulizuia, na mtu akachechemea kwa muda mrefu. Zaidi ya hayo alikaza msuli wa mbele ya paja mara nyingi kwa siku, akatembea kwa magongo.

Fumbo lilikuja baadaye. Ukano uliohamishwa ni kama mche uliong'olewa na kupandwa penginepo: mishipa yake ya damu imekatwa, na chembe zake nyingi hufa. Kisha mishipa mipya huingia polepole, nyuzi za zamani huvunjwa, na nyuzi mpya husukwa mahali pao. Lakini kuvunja hutangulia kusuka. Katika wanyama waliochunguzwa, ukano ulionekana dhaifu kabisa karibu na juma la 6 hadi la 8. Kwa binadamu kazi hiyo huenda polepole zaidi, na kukomaa kwake huchukua mwaka au kupita. Hata kushikamana na mfupa ndani ya matundu huhitaji majuma 8 hadi 12.

Sasa tazameni: ni wakati huo huo maumivu yanapokwisha, uvimbe unaposhuka, na magongo yanapotupwa pembeni! Katika juma la 8 kijana wetu alitaka kwenda mtoni kupakia mitumbwi. Tulimkataza. Mwambao wa mto huteleza, na mtu anayeruka kutoka mtumbwini hutua kwa mguu mmoja huku mwili ukizunguka, yaani jambo lile lile lililoukata ukano wa kwanza. Badala yake alichuchumaa nusu kwa miguu yote miwili, akapanda na kushuka ngazi moja, akakanyaga baiskeli ambayo gurudumu lake la nyuma limeinuliwa. Asubuhi goti likiwa la moto au limevimba, tulijua kazi ya jana ilizidi, tukaipunguza.

Mwezi wa 4 alianza kukimbia njia iliyonyoka. Mwezi wa 6 kuruka na kugeuka taratibu. Hapo rafiki zake wakamtajia Silas Katompa Mvumpa, mchezaji wetu Mkongo aliyekatika ukano huo Ujerumani mwezi wa Machi 2021, akacheza tena kabla ya mwaka kwisha. Ni kweli, ila yeye alikuwa na waganga na vyombo kila siku. Tena uchunguzi uliofanywa kwa wanamichezo wa Norwe na kutangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kungoja, mpaka wa 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena goti kwa karibu nusu.

Kalenda peke yake haitoshi. Mwezi wa 9 tulipima: aruke kwa mguu mmoja, atue kwa huo huo bila kuyumba. Mguu mzima uliruka sentimeta 160. Uliopasuliwa 128, yaani 80 kwa mia. Karatasi ilitaka 90 kwa mia, yaani 144. Na kipimo hicho nacho chaweza kudanganya, kwa sababu nyonga na kifundo husaidia paja lililo dhaifu, na mguu mzima nao hulegea kwa kukaa bure. Kwa hiyo tulimwinua pia kutoka bao la darasani kwa mguu mmoja: mzima mara 22, mgonjwa 14. Paja ndilo lililokuwa nyuma. Akarudia ngazi, safari hii na mfuko wa mchanga mgongoni.

Mwezi wa 11 aliruka 148 kwa 162, akainuka 20 kwa 22. Akafanya mazoezi na wenzake majuma kadhaa bila kugongana, kisha akacheza dakika 20. Kesho yake asubuhi tulilizungushia goti utepe wa fundi cherehani: kipimo kilikuwa kile kile cha jana.