Swali la Upepo wa Singida

Tarehe 7 Februari 2008, siku moja baada ya Dk. Harrison Mwakyembe kusoma bungeni Dodoma ripoti ya Kamati Teule kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa alisimama akaeleza kuwa amemwandikia Rais kuomba kujiuzulu. Katika maelezo yake mlikuwa na malalamiko mawili. Kwanza, kwamba kamati ilimtaja vibaya bila kumwita na kumhoji. Pili, kwamba alipojiuliza chanzo cha yote hayo, aliona kinachotafutwa ni uwaziri mkuu.

Wakati huo nilikuwa nafundisha somo la Uraia katika sekondari moja hapa Dodoma, na nilikuwa mlezi wa klabu ya midahalo. Malalamiko yale mawili niliyazoa pamoja nikayatupa. Nilisema ofisini, tena kwa sauti, kwamba aliyeshindwa kujibu hoja hugeukia watoa hoja. Walimu wenzangu walicheka, nami nikaona nimesema la maana. Sasa najua kwamba lile la kwanza halikuwa shambulio dhidi ya mtu yeyote. Kusema hukunihoji ni kusema kazi yako ina upungufu, na upungufu huo unapimika: ama jina lako limo katika orodha ya waliohojiwa au halimo. La pili ndilo lililokuwa dai kuhusu nia, na nia haina orodha ya kupekuliwa.

Hilo lilikuwa kosa dogo. Kubwa lilikuja mwaka uliofuata.

Mwaka 2009 magazeti yaliandika kwamba Mwakyembe alikuwa na hisa katika kampuni iliyotaka kufua umeme wa upepo huko Singida, na mwenyewe hakukana kuwa nazo. Watu wa Dodoma tunaujua upepo wa Singida; ukipita njia kuu ya kwenda Nzega unaona namna unavyowasumbua waendesha baiskeli. Basi katika mdahalo wetu wa wiki ile, mada ikiwa kama Bunge linaweza kuisimamia Serikali, binti mmoja wa kidato cha sita alisimama akauliza: mtu mwenye maslahi katika biashara ya umeme anawezaje kuongoza uchunguzi wa kampuni nyingine ya umeme? Kisha akamalizia kwamba kwa hiyo ripoti ile haifai kitu.

Nilimkatiza kabla hajaketi. Nilisema, mbele ya ukumbi mzima, kwamba huo ni umbea na si hoja, na kwamba kanuni yetu ni kujibu aliyosema mtu, si kumjibu mtu. Nikamkata alama zote za kipengele cha hoja. Upande wake ukashindwa kwa alama hizo.

Aliyenionyesha nilichokifanya ni hakimu mstaafu, jirani yangu, mzee asiyependa maneno mengi. Nilimsimulia kisa kile kwa majivuno, nikidhani atanisifu. Akaniuliza, "Mwalimu, kwani mahakamani maswali ya dodoso unadhani ni ya nini?" Akanieleza kwamba Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inaruhusu waziwazi kuupiga uaminifu wa shahidi: kwa kuthibitisha kwamba amehongwa au amekubali ahadi ya hongo, au kwamba huko nyuma alisema jambo linalopingana na analolisema leo. Maslahi nayo huulizwa kila siku. Akaniambia pia kuhusu rufaa ya Goodluck Kyando dhidi ya Jamhuri ya mwaka 2006, ambamo Mahakama ya Rufani ilisema kila shahidi anastahili kuaminiwa isipokuwa kuwe na sababu nzito na za msingi za kutomwamini. Kwa hiyo shahidi huanza akiwa na imani ya mahakama mkononi, na anayetaka kumpokonya lazima alete sababu inayogusa ushahidi wenyewe. Kwamba shahidi ni mlevi si sababu, mpaka uonyeshe alikuwa amelewa saa ile anayosema aliona. Kwamba ana wake wanne au hakusoma hakuna pa kukutumia kabisa.

Nilimjibu kuwa kamati ya Bunge si shahidi. Akasema, "Inategemea unaiamini kwa lipi."

Sentensi hiyo ilinirudisha kwenye ripoti, na nilipoisoma upya nilianza kuona kwamba ndani yake kuna mambo ya aina mbili. Kuna mambo ambayo kamati iliyakuta na mtu mwingine angeweza kuyakuta. Mkataba wa mwaka 2006 ulikuwa wa umeme wa dharura wa megawati 100, wakati ukame umeyakausha mabwawa, Mtera likiwamo. Kamati ilisema Richmond haikuwa na uwezo wala uzoefu wa kazi hiyo. Jambo kama hilo lina nyaraka, lina mitambo iliyochelewa, lina tarehe. Hata kama aliyelisoma angekuwa na hisa katika kampuni kumi za umeme, nyaraka hazibadiliki, na ukitaka kuzikanusha unakwenda kuzisoma. Hapa kumtaja Mwakyembe na hisa zake ni kupoteza muda, na binti yule alikosea.

Lakini kuna mambo mengine ambayo msomaji hana njia ya kuyapima isipokuwa kwa kuwategemea wajumbe. Nani ahojiwe na nani aachwe? Mashahidi wawili wakipingana, ni yupi kamati ilimwona mkweli? Barua ya ofisi moja kwenda nyingine isomwe kama ushauri au kama shinikizo? Hapo tunaombwa kukubali uamuzi wa mtu, na anayetuomba tuukubali uamuzi wake ametupa haki ya kuuliza kama kuna kitu kinachoupindisha. Swali la upepo lilikuwa halali kabisa hapo. Na ajabu ni kwamba linakutana na lile lalamiko la kwanza la Lowassa nililolicheka ofisini, kwa sababu kutomhoji mtu ni uamuzi wa aina hiyo hasa.

Halali, nasema, si zito. Ili maslahi yapunguze uaminifu ni lazima yaunganishwe na matokeo. Umeme wa upepo wa Singida ulikuwa bado ni mpango. Mitambo ya dharura ilihitajika mara moja. Anayetaka kulitumia swali hilo alipaswa kuonyesha kampuni ya upepo ingepata nini Richmond ikianguka, kisha aonyeshe ni aya gani ya ripoti iliyopindika kwa ajili hiyo. Kamati ilikuwa na wajumbe watano na mwenye hisa zilizotajwa ni mmoja. Je, wanne wengine walipinga aya hiyo? Haya ndiyo niliyopaswa kumuuliza mwanafunzi wangu. Angeshindwa kuyajibu, huenda, lakini angeshindwa kwa haki na angejua ni wapi.

Badala yake nilimwita mmbea. Yaani mimi niliyekuwa nalinda kanuni ya kutoshambulia mtu ndiye niliyemshambulia mtu ukumbini siku ile, na hoja yake nikaiacha imesimama bila kuguswa. Nilifanya hivyo pia kwa sababu nyingine ambayo sikuikiri kwa muda mrefu: ripoti ile ilinifurahisha. Nilitaka ibaki safi. Laiti hisa zile zingekuwa za mtetezi wa Richmond, ningekuwa wa kwanza kuziandika ubaoni.

Daftari la alama lilibaki shuleni nilipohamishwa. Ningelipata leo ningemrudishia alama za swali, nikamkata za hitimisho, na upande wake pengine ungeshindwa vilevile.