Dai, Sababu na Kiungo Kilichofichika

Swali la dai na sababu ni swali la kuchagua jibu lenye sura ya kipekee. Mtahiniwa hupewa sentensi mbili. Ya kwanza huitwa Dai, ya pili huitwa Sababu. Kisha hutakiwa kuchagua mojawapo ya hukumu nne: A, zote mbili ni kweli na Sababu inalieleza Dai; B, zote mbili ni kweli lakini Sababu hailielezi Dai; C, Dai ni kweli ilhali Sababu ni uongo; D, Dai ni uongo ilhali Sababu ni kweli. Maswali ya namna hii ni ya kawaida nchini India, ambako bodi ya mitihani ya CBSE huyatumia katika karatasi za Biolojia za darasa la 12. Nchini Kenya, mwalimu anaweza kuyaazima kwa ajili ya mazoezi ya madarasa ya juu ya shule za upili.

Mwalimu mmoja wa Biolojia aliyaazima hivyo. Alitunga jozi ishirini kwa Kiingereza, lugha anayofundishia, akawapa wanafunzi wake wa kidato cha nne. Jozi ya saba, ikiwekwa katika Kiswahili, ilikuwa hivi:

Dai: Ateri huwa na kuta nene kuliko vena.
Sababu: Ateri hubeba damu yenye oksijeni nyingi.

Katika mwongozo wake wa kusahihisha aliandika B. Hoja yake ilikuwa wazi: unene wa kuta hutokana na shinikizo la damu, wala si oksijeni. Alipokwisha kusahihisha, aliona jambo lililomtatiza. Katika jozi nyingine, waliokosea walikuwa aghalabu wanafunzi dhaifu. Katika hii, wanafunzi hodari ndio waliogawanyika, baadhi wakichagua B na wengine C. Msichana aliyekuwa akiongoza darasa alichagua C, na kando yake akaandika maneno matatu: ateri ya mapafu.

Mgawanyiko wa aina hiyo ni dalili ya kutiliwa maanani. Swali gumu huwatenga wanaojua na wasiojua. Swali lenye majibu mawili huwatenga wanaojua wao kwa wao. Ateri ya mapafu hutoa damu moyoni kuipeleka mapafuni, na damu hiyo ina oksijeni kidogo. Msichana yule hakuwa amekosa maarifa. Alikosa alama kwa kuwa alikuwa na maarifa zaidi ya yale ambayo mtunzi aliyakumbuka alipokuwa akiandika.

Mwalimu aliipeleka jozi hiyo kwa mwenzake wa Kiswahili, ambaye hakuwa na habari za mishipa ya damu. Huyu aliitafsiri, akakomea kwenye kiambishi kimoja.

"Mwalimu, hii hu- ni ya mazoea," alisema. "Nikisema watu wa pwani hula samaki, sijasema kwamba kila mmoja wao anakula. Sasa ateri zako, ni zote au ni kwa kawaida?"

"Ni kwa kawaida. Moja inakiuka."

"Basi aliyesoma mazoea atasema ni kweli, na aliyesoma sheria atasema ni uongo. Wote wawili wamesoma sawa."

Hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Kiingereza nacho kina sentensi za jumla zisizotaja "zote" wala "baadhi", na sura yake ya kawaida humfanya mtunzi asiione hatari. Katika Kiswahili, hu- iliianika. Katika mazungumzo, kauli ya mazoea haina madhara. Katika swali ambalo kila sentensi lazima ihukumiwe kuwa kweli au uongo, kauli hiyo haiachi mpaka wa kuhukumia.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuongeza neno "zote". Ateri zote hubeba damu yenye oksijeni nyingi: huo ni uongo dhahiri, na jibu ni C. Mwalimu hakuitaka dawa hiyo, maana alikusudia kupima uhusiano wa unene na shinikizo, wala si kumbukumbu ya ateri moja. Akaichagua ya pili, yaani kuacha kundi zima na kutaja mishipa miwili kwa majina:

Dai: Katika mtu mzima mwenye afya, ukuta wa aota ni mnene kuliko ukuta wa vena kava.
Sababu: Katika mtu mzima mwenye afya, damu iliyomo katika aota ina oksijeni nyingi kuliko damu iliyomo katika vena kava.

Sasa kila sentensi ni kweli bila mjadala, hata ikisomwa peke yake. Maneno "katika mtu mzima mwenye afya" yamerudiwa makusudi, ili Sababu isitegemee Dai katika kueleweka. Lakini kwa nini jibu liwe B na si A? Haitoshi mtunzi kuhisi hivyo. Budi awe na ushahidi. Ushahidi wake uko mapafuni, ambako mambo ya oksijeni yamepinduka. Ateri ya mapafu ina damu yenye oksijeni kidogo, vena za mapafu zina damu yenye oksijeni nyingi, na bado ukuta wa ateri ndio mnene zaidi. Oksijeni imehama upande, unene haukuhama nayo. Kilichobaki upande wa unene ni shinikizo. Ushahidi huo unazidi kuimarika ateri ya mapafu inapolinganishwa na aota: moyo unapojikaza, shinikizo katika aota hufika takribani milimita 120 za zebaki, na katika ateri ya mapafu takribani 25. Ukuta wa ateri ya mapafu nao ni mwembamba kuliko wa aota.

Kwa hiyo mwalimu alipotaka jozi yenye jibu A, alilibakiza Dai lilelile, akabadilisha Sababu tu: Katika mtu mzima mwenye afya, shinikizo la damu katika aota ni kubwa kuliko katika vena kava.

Kasoro ya pili ilijificha katika jozi ya kumi na mbili, na haikuhusu ukweli wa sentensi hata kidogo:

Dai: Seli nyekundu ya damu ya mwanadamu iliyokomaa haina kiini.
Sababu: Seli nyekundu ya damu ya mwanadamu iliyokomaa husafirisha oksijeni.

Zote ni kweli. Je, ya pili inaieleza ya kwanza? Mwenzake wa Kiswahili aliziunganisha kwa "kwa sababu", kisha akauliza: "Unauliza kilichofanya kiini kisiwepo, au faida ya kutokuwepo kwake?" Mwanafunzi anayefikiria faida atachagua A, kwani vitabu vingi hufundisha kwamba kukosa kiini huacha nafasi ya hemoglobini. Anayefikiria kisababishi atachagua B, naye ana hoja: seli nyekundu za ndege husafirisha oksijeni na zina viini. "Kwa sababu" imebeba maana mbili, na mwongozo wa kusahihisha unakubali moja tu.

Hapa hapakuwa na neno la kuongeza. Jozi ilivunjwa, ikatungwa nyingine:

Dai: Seli nyekundu ya damu ya mwanadamu iliyokomaa haitumii oksijeni inayoibeba kujipatia nishati.
Sababu: Seli nyekundu ya damu ya mwanadamu iliyokomaa haina mitokondria.

Mitokondria ndimo oksijeni hutumiwa katika kutoa nishati. Pasipo mitokondria, kazi hiyo haina mahali pa kufanyikia. Swali la faida halina pa kuingilia, na jibu ni A.

Tangu siku hiyo mwalimu aliweka utaratibu. Kila jozi huandikwa katika karatasi mbili, Dai kwenye moja na Sababu kwenye nyingine, na kila moja huhukumiwa bila ya mwenzake kuonekana. Zote mbili zikiwa uongo, jozi hutupwa, kwa kuwa chaguo zake nne hazina jibu la hali hiyo. Zote zikiwa kweli, huunganishwa kwa "kwa sababu" na kutafutiwa kisa kimoja kinachothibitisha au kuvunja kiungo hicho, kama vena za mapafu zilivyofanya. Mwisho, mwenzake hujibu bila kuuona mwongozo, na kwa kila herufi aliyoiacha husema kwa nini ameiacha. Akishindwa kuikataa hata moja, jozi hurudi mezani.

Msichana yule alirudishiwa alama yake. Jozi ya saba ya zamani haikufutwa. Ilibandikwa ndani ya jalada la daftari la mwalimu, na maneno matatu ya mwanafunzi yakiwa bado kando yake.