Betri Haikuwa Feki

Nina banda la mpira hapa Kilosa, lile ambalo vijana hawachoki kuliita kibanda umiza, na kwa muda mrefu hesabu yangu ya betri ilikuwa kugawanya tu. Betri imeandikwa 100Ah, runinga mbili, king'amuzi, sabufa na feni vinavuta ampea 50 kupitia inveta, basi mia kwa hamsini ni saa mbili. Mechi ni dakika 90, mapumziko robo saa, na mwamuzi akiongeza zake bado muda unatosha. Lakini kila umeme ulipokatika kabla mpira haujaanza, inveta ilianza kulia mapema kipindi cha pili, na kwenye dakika ya 60 hivi ikazima. Watu wanadai hela zao, nami jawabu nilikuwa nalo tayari: muuzaji kaniuzia betri feki.

Aliyenitoa kwenye imani hiyo ni fundi mmoja mzee wa betri za magari. Sikumfuata anifundishe chochote. Nilimpelekea betri athibitishe kuwa ni feki, nikadai changu dukani. Akaichaji mpaka ikajaa, akaipumzisha, kisha saa sita mchana akaiunganisha na balbu ya taa kubwa ya gari, ya wati 60, inayovuta ampea 5.

"Nenda kaendelee na shughuli zako, mdogo wangu. Njoo kesho asubuhi."

Nilipofika kesho yake ilikuwa inakaribia saa mbili. Balbu ilikuwa imefifia na mita inasoma volti 10.5, kiwango ambacho betri ya volti 12 huhesabiwa kuwa imeisha. Ampea 5 kwa saa 20 ni ampea-saa 100. Akafuta vumbi kwenye lebo, akaweka kidole kwenye herufi ndogo ambazo sikuwahi kuzijali: 20HR.

"Mwenye duka hajakudhulumu. Ameahidi mia ukiitumia kwa saa ishirini. Wewe unaitaka yote kwa saa mbili."

Alivyonieleza, na ndivyo ninavyowaeleza wengine sasa, ndani ya betri kuna pleti za risasi zenye vitundu vidogo vidogo kama sponji, zimezama kwenye asidi. Umeme hautoki kwenye pleti peke yake. Unapatikana asidi inapokutana na madini ya pleti, na inapokutana nayo hutumika, ikaacha salfeti ya risasi pale pale. Ukivuta taratibu, asidi iliyo nje ina nafasi ya kupenya polepole mpaka ndani kabisa ya vitundu, na karibu pleti yote inafanya kazi. Ukivuta kwa nguvu, asidi iliyo ndani ya vitundu inaisha kabla ya nyingine kufika. Kazi inabaki kwenye uso wa pleti, salfeti inarundikana hapo hapo na kuziba njia, kama watu waliokwama mlangoni mwa banda langu filimbi ya mwisho ikilia. Ndani ya pleti kunabaki madini mazima ambayo hayajaguswa.

Kuna jambo la pili linaloongezea. Kila betri ina ukinzani wake wa ndani, kwa hiyo mkondo ukiwa mkubwa volti zinashuka zaidi. Inveta ikiona volti zimeshuka, huvuta ampea nyingi zaidi ili itoe wati zile zile, na kuvuta huko kunazishusha volti tena. Ndiyo maana dakika za mwisho mambo huharibika haraka: inveta inaanza kulia, hujamaliza kuzima feni, giza.

Maneno hayo pekee yasingenitosha. Kilichonibadilisha ni jioni fundi alipokuja bandani na mita yake ya kubana kwenye waya. Betri imejaa, mzigo wote umewashwa, mita inacheza kwenye ampea 50. Inveta ikazima baada ya saa moja na robo, yaani betri ilikuwa imetoa kama ampea-saa 63 hivi. Tukaichomoa, tukaiacha ipumzike. Baada ya saa moja volti zilikuwa zimepanda zenyewe mpaka 11.9. Akafungua vifuniko, akafyonza asidi kwa kile kipimo cha kioo chenye boya ndani, likasimama kwenye 1.170. Betri iliyojaa husoma kama 1.265, na iliyokwisha kabisa kama 1.120. Kwa hiyo zaidi ya theluthi ya chaji ilikuwa bado imo. Akaiwekea ile balbu ya gari, ikawaka vizuri tu mbele ya wateja waliokuwa bado wananung'unika.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hata mafundi wengi wa sola wanakikosea. Zile ampea-saa 37 hazijapotea, hazijageuka moto. Zimo ndani ya betri, zimechelewa tu. Ukiipa muda asidi ipenye, au ukipunguza mzigo, zinatoka. Na ukirudi kuichaji, hutajaza mia. Utarudisha ulichotoa na ziada kidogo inayopotea wakati wa kuchaji.

Kanuni ya hesabu hii ilitolewa na Mjerumani, Wilhelm Peukert, mwaka 1897, na kwa kutumia namba za lebo huandikwa hivi:

t = H × (C ÷ (I × H))^k

Hapo H ni saa za kwenye lebo, C ni ampea-saa za kwenye lebo, I ni ampea unazovuta, na k ni tabia ya betri yenyewe. Kama k ingekuwa 1, kugawanya kwangu kungekuwa sahihi. Betri za kuongeza maji kwa kawaida huwa kati ya 1.2 na 1.3, zile zilizofungwa za AGM huwa chini ya hapo, na betri ikizeeka k yake hupanda. Yangu ilitoka 1.2. Kwa ampea 10 kanuni inanipa ampea-saa 87, kwa 25 inanipa 72, kwa 50 ndiyo hiyo 63. Haihesabu joto wala mzigo unaopanda na kushuka, kwa hiyo mimi huichukulia kama makadirio mazuri.

Tangu hapo sijanunua betri kwa kugawanya. Nilitafuta nyingine ya aina ile ile na uwezo ule ule, nikaziunganisha sambamba, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Sasa kila moja inabeba ampea 25, na zinaenda karibu saa tatu. Hebu tazama hapo: betri zimekuwa mbili, lakini muda umezidi mara mbili, kwa sababu kila moja inavutwa polepole. Umeme ukikatika tu nazima runinga ya pembeni na feni, mzigo unashuka hadi ampea 30, na mechi inaisha betri zikiwa hazijafika hata nusu. Hilo ni muhimu kwa sababu betri ya risasi inayokaushwa kila mara haidumu. Ila usichanganye kuukuu na mpya. Ile kuukuu itaivuta mpya chini.

Nawe ukienda dukani, usiishie kwenye tarakimu kubwa ya Ah. Soma saa zilizoandikwa pembeni yake. Betri iliyoandikwa 100Ah kwa C100 imepimwa ikivutwa ampea moja tu, na kwa kazi ya inveta ni ndogo kuliko ya 100Ah kwa C20, ambayo nayo ni ndogo kuliko ya 100Ah kwa C10. Kama lebo haisemi saa, muulize muuzaji, na asipojua, nenda duka la pili.