Talaka, Daftari na Moja ya Kumi

Tulipoachana nilihamia bedsita huku Umoja na mtoi wangu wa miaka mitano. Watu waliniambia nisome, nitapona. Sawa. Nikaokota vitabu vya mitumba mjini, cha marafiki, cha pesa, cha kulea peke yako. Kilichonishika ni cha George Clason cha mwaka 1926, kile cha tajiri wa Babeli. Kinasema weka kando moja ya kumi ya kila unachopata kabla ya kulipa mtu mwingine.

Nikajaribu, nikaanguka mwezi wa kwanza. Mimi ni msusi, sina mshahara. Siku moja nasuka vichwa viwili napata 2,500, naweka 250. Kesho yake nataka nywele za kusukia, natoa ile ile 250. Kumbe nilikuwa naweka pesa ya duka la nywele, si yangu. Ukijiona unatoa akiba ndiyo ununue mali ya kazi, jua umekata moja ya kumi mahali pasipofaa.

Sasa nafanya hivi. Mtoi akilala, saa tatu usiku, nafungua daftari. 2,500 natoa 600 ya nywele na 300 ya kiti cha saluni. Zinabaki 1,600. Moja ya kumi ni 160, na inaenda akiba usiku huo huo, si mwisho wa mwezi. Siku ya ukame ni sufuri, na silipi deni la jana. Wiki ikiwa ya siku sita nzuri hivyo, ni 960. Wiki yangu huwa karibu nusu ya hiyo, lakini muhula ukifunguliwa siendi kukopa karo.

Hizo hesabu ndizo zilinifundisha kulea. Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema baba na mama wote wana jukumu kwa mtoto, wawe wameoana au la. Kwa hivyo nina ukurasa wa karo, chakula na dawa, na baba yake namtumia picha yake kila tarehe 1. Bila maneno mengi. Hajakuwa akilipa yote, ila hatugombani tena juu ya ni pesa gani.

Na marafiki? Wale wa ndoa waliisha polepole. Nimebaki na jirani mmoja wa ploti, mama pia. Jumamosi asubuhi mimi nasuka, yeye anawapeleka watoi wote maktaba ya Kaloleni. Jumapili nageuza, nakaa nao mimi, yeye anauza mboga. Hicho kitabu cha urafiki sikukimaliza, lakini saa nne za jirani yangu nazihesabu kwenye daftari, hata kama hazina bei.