Jina Refu Kwenye Chupa Nyembamba

Ukwaju wa kwanza aliouza mama mmoja wa Mbagala Rangi Tatu haukuwa na jina lolote. Ulikaa kwenye ndoo yenye bonge la barafu, ukachotwa kwa kikombe, na mteja akauliza kama ni wa baridi, basi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Muuzaji alikuwa mbele ya macho ya mnunuzi, kwa hiyo sura yake ndiyo iliyokuwa nembo. Baadaye ukaja wakati wa vifuko vya nailoni vilivyogandishwa, watoto wakavinunua wakitoka shule, na hivyo navyo havikuandikwa kitu.

Jina lilianza kuhitajika siku bidhaa ilipotoka mikononi mwake na kwenda kukaa kwenye friji la mtu mwingine. Wenye maduka walikubali kupokea chupa zake, lakini wateja wao waliuliza za nani. Akachapisha karatasi nyeupe zenye maneno SHARUBATI ASILIA YA UKWAJU, akazikata kwa mkasi na kuzibandika kwa gundi. Chupa ikitoka kwenye baridi hutoa jasho. Wino ukachuruzika, karatasi ikalegea, na kufikia jioni nusu ya chupa zilikuwa tupu kama zamani. Alipopata fedha kidogo akaenda Kariakoo kutafuta stika za plastiki, zile zisizolowa. Huko ndiko alikokutana na tatizo ambalo karatasi ilikuwa imelificha.

"Shikamoo mama. Haya maneno yote hayaingii," kijana wa kudizaini alimwambia.

"Marahaba. Si upunguze herufi, mwanangu?"

Kijana akapunguza. Jina likaingia, ila likawa la kusomwa na aliyeshika chupa mkononi, na hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Maduka mengi ya Temeke, na vivyo hivyo Tandale au Mwananyamala upande wa Kinondoni, yana wavu au nondo kati ya mnunuzi na bidhaa. Mnunuzi hagusi chupa. Anaangalia friji lililo nyuma ya Mangi, mita mbili hivi kutoka alipo, kisha anataja anachotaka. Jina linapaswa kufanya kazi mbili: lionekane kwa mbali, halafu litamkike upesi huku bodaboda zikinguruma barabarani.

Hesabu yake haina siri. Chupa ya kawaida ya nusu lita ina kipenyo cha sentimita 6.5 hivi, kwa hiyo lebo inayoizunguka ina urefu wa kama sentimita 20. Inaonekana ni nafasi kubwa ukiitandaza mezani. Lakini chupa ni duara, na kinachosomeka vizuri kutoka mbele ni robo tu ya mzunguko, yaani sentimita 5. Zaidi ya hapo herufi zinapinda na kujibana pembeni. Ukiliweka lile jina la mwanzo kwenye mstari mmoja, herufi na nafasi zake ni 26, kila moja inapata chini ya milimita 2 za upana, na kimo chake hakizidi milimita 3. Kwa umbali wa mita mbili, huo ndio mpaka wa jicho zima kwenye mwanga mzuri. Kioo cha friji kikiwa na ukungu, hakuna anayesoma.

Njia ya kwanza inayomjia kila mtu ni kulipanga jina kwa mistari. Hapo kitu cha ajabu hujitokeza: urefu wa jina zima unaacha kuwa hoja, na neno refu kuliko yote ndilo linaloamua. "Sharubati" ina herufi 9, kwa hiyo hata ikiwa peke yake kwenye mstari, kimo chake ni milimita 8 hivi. Mistari minne ya namna hiyo inakula karibu kimo chote cha lebo ya sentimita 5, na picha ya ukwaju haina pa kukaa.

Pembeni nako kulikuwa kunajaa. Ilibidi paandikwe viungo, ujazo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, jina na anwani ya mtengenezaji, alama ya TBS. Bakodi, ambayo kwa Tanzania huanza na 620, ina upana wa milimita 37 kwa kimo cha 26 katika ukubwa wake wa kawaida, na inaruhusiwa kupunguzwa hadi asilimia 80 tu. Ikipunguzwa zaidi, mashine ya dukani inaweza kushindwa kuisoma. Kwenye chupa nyembamba mno mistari yake hulazwa kama ngazi ili isipinde. Kila kimoja kati ya vitu hivi kina haki ya nafasi yake kisheria au kiufundi. Jina la kibiashara ndilo pekee ambalo mwenyewe ana uhuru wa kulifupisha.

Wakubwa walishalijua hilo. Kusini mwa Mbagala, ukifuata Barabara ya Kilwa hadi Mwandege, kuna kiwanda cha vinywaji cha Bakhresa, na juu ya chupa zake limekaa neno Azam, herufi nne. Maji yao yanaitwa Uhai, nne tena. Vinywaji vya kampuni ya MeTL vina Mo, herufi mbili, zinazojaza uso wa chupa. Kenya wana Afia. Embe, ukwaju au nanasi huandikwa chini yake kwa herufi ndogo zaidi.

Mpangilio huo ndio uliomfungua macho mama yetu, kwa sababu kumbe lebo hubeba majina mawili. Moja ni la biashara. Lingine ni la chakula chenyewe, nalo kanuni za lebo zinalidai: mnunuzi aambiwe wazi kilichomo, na jina la biashara halichukui nafasi yake. Hili la pili halina uhuru mwingi. Kwa kiwango cha kimataifa cha Codex, tunda lililoongezwa maji huitwa nekta, si juisi, na nekta ya embe lazima iwe na angalau asilimia 25 ya tunda. Ukwaju wake ulioloweshwa na kutiwa sukari ukaandikwa "Kinywaji cha Ukwaju". Neno "asilia" akaliondoa, maana alikuwa anatia sodiamu benzoeti ili kinywaji kisichache, na dai la namna hiyo lingezua maswali.

Kilichobaki kilikuwa kuchagua neno moja la juu. Alilipenda "Tamu", lakini sheria ya alama za biashara haisajili neno linaloeleza tu sifa ya bidhaa; kila muuzaji ana haki ya kusema chake ni kitamu. Akaja na "Tuliza". Lina herufi sita, na mbili kati yake, l na i, ni nyembamba. Katika zile sentimita 5 lilipata kimo cha karibu sentimita moja na nusu, mara tano ya lile la kwanza, na picha ya ukwaju ikapata mahali.

Wateja waliomzoea walilalamika kwamba sharubati yao imepotea, na kwa miezi kadhaa aliacha neno hilo kwenye kizibo. Sasa ameongeza embe, na kwenye lebo amebadilisha rangi na mstari wa chini pekee: "Nekta ya Embe". Usajili wa alama kwa BRELA hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Hauvuki bahari, hata hivyo. Mchuuzi anayepeleka makreti Unguja amemshauri alisajili jina upande wa Zanzibar pia, na maombi hayo ndiyo anayoyajaza hivi sasa.