Bango la Mchango na Ukuta Usiokuwepo



Umepiga picha ya wima ya msikiti unaojengwa Mbeya, Mlima Loleza ukionekana nyuma. Unataka bango la mchango la mita 3 kwa 1. Picha ina upana wa pikseli 1080 na urefu wa 1440. Ukibakiza urefu huo, bango linataka upana wa 4320. Maana yake, robo moja tu ndiyo uliyoiona kwa macho. Robo tatu zitabuniwa na mashine.

Kwenye Photoshop unashika Crop Tool, unachagua Generative Expand, unavuta kingo mbili, unaacha kisanduku cha maneno kitupu, kisha unabonyeza Generate. Baada ya hapo ikuze picha, utazame pale kingo za zamani zilipokuwa. Je, kivuli kimegeuka? Mawingu yamejirudia?

Mbingu na nyasi zikiongezwa, hakuna anayedhulumiwa. Lakini mashine haiujui Loleza. Itaunda kilele kingine, na mtu wa Mbeya atashtuka. Hatari kubwa zaidi ni ukuta uliokatwa na ukingo wa picha: mashine huuendeleza, pengine na madirisha juu yake. Ndugu aliyeko Iringa, asiyewahi kufika pale, atatoa sadaka akiamini ujenzi umefika huko.

Basi ukuta ukiwa umekatwa, usiurefushe. Weka picha upande mmoja, na upande wa pili uwe rangi tupu yenye maandishi. Sadaka ya watu ni amana, na picha yako ndiyo ushahidi wao.