Usiombe Ruhusa ya Kuacha Kazi

Kuna heshima ya Kiswahili ambayo ukiitia kwenye barua ya Kiingereza inakugeuka. Nimeiona kwa binamu yangu, mhasibu anayeishi Ruiru na kufanya kazi kampuni moja ya Thika. Alipata kazi Doha, mshahara karibu mara mbili, akanitumia noti zake kwa WhatsApp: "Aki nisaidie kuziweka kwa Kizungu." Noti zenyewe zilikuwa hivi:

Naomba kuacha kazi mwisho wa mwezi. Nimepata kazi nzuri zaidi nje. Asante bosi kwa kunivumilia. Samahani kwa makosa yote. Siku 9 za likizo bado nadai. Vitabu nitaacha sawa.

Kwa Kiswahili hakuna shida hapo. Ni mtu mwenye adabu anaaga. Lakini ukitafsiri "naomba" neno kwa neno, unapata ombi, na ombi linaweza kukataliwa. Bosi anaweza kukaa nalo wiki 2 halafu aseme bado analifikiria. Kuacha kazi si kuomba, ni kutoa notisi. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya maandishi ya siku 28, na kama mkataba unataka zaidi, unafuata mkataba. Wake ulisema mwezi 1.

"Mwisho wa mwezi" nayo ikatoka, kwa sababu kila mtu ataihesabu anavyotaka. Barua ingeingia Jumatatu, tarehe 3 Novemba 2025, kwa hivyo tukaandika kwamba anatoa notisi ya mwezi 1 na siku yake ya mwisho ni tarehe 2 Desemba 2025.

Sasa hiyo "samahani kwa makosa yote". Akaniambia, "Si ni adabu tu?" Nikamwambia, wewe unashika pesa za watu. Barua inabaki kwa faili, na miaka 2 baadaye mkaguzi akikuta hesabu haziingiani, karatasi ya kwanza yenye jina lako inaomba msamaha kwa makosa ambayo hayajatajwa. Nani atajua ulimaanisha kuchelewa asubuhi? "Kunivumilia" pia, kwa Kizungu inasikika kama ulikuwa mzigo. Hayo mawili tuliyatoa, ikabaki shukrani ya sentensi moja. Doha na mshahara havikuingia kabisa. Sheria haikudai sababu ya kuondoka, na kutotaja si kudanganya.

Kile alichotaja kwa ufupi ndicho tulichokipa nafasi: "vitabu nitaacha sawa." Sawa vipi? Mhasibu anaacha vitu vinavyohesabika. Tukaandika kwamba atalinganisha daftari la pesa na taarifa ya benki hadi tarehe 30 Novemba, na pesa taslimu za ofisini zitahesabiwa mbele ya atakayezipokea, wote wawili watie sahihi. Halafu kuna KRA. PAYE ya Novemba inafaa kuwasilishwa kufikia tarehe 9 Desemba na VAT kufikia tarehe 20, na yeye atakuwa ameshaondoka. Kwa hivyo barua ikaomba kampuni itaje mtu wa kupokea kazi hiyo kabla ya tarehe 24 Novemba, na kubadilisha barua pepe na nambari ya simu zilizosajiliwa iTax kama ni zake. Bila hiyo, faini ya kuchelewa ikija, simu inalia Doha.

Siku 9 za likizo tuliziandika wazi: azichukue ndani ya notisi wakikubaliana, au alipwe. Akaomba pia cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 kinamlazimisha mwajiri kukitoa, lakini kinaonyesha mambo kama kazi uliyofanya na tarehe za kuanza na kumaliza. Sifa zako haimlazimu kuandika.

Barua nzima ikawa ukurasa mmoja. Alichapisha nakala 2, moja ikapigwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, akaiweka kwake. Huo muhuri ndio ushahidi kwamba notisi ilianza tarehe 3, sio siku ambayo bosi aliamua kuifungua.

Na ile adabu yote? Haikutupwa. Kabla ya kupeleka barua aliingia kwa bosi, akamwambia kwa Kiswahili kwamba alimfundisha kazi na kwamba anaondoka na moyo mzito. Hayo ni ya mdomo, ana kwa ana, kwa mtu anayekujua. Karatasi itasomwa na mtu ambaye hajawahi kukuona.

Kwa hivyo ukiandika noti zako kwa Kiswahili, usikimbilie kutafsiri. Gawanya kwanza: za kusema upande huu, za kuandika upande ule. Ukimaliza, utashangaa Kizungu unachohitaji ni kidogo vipi.